Dakika 20 za kompyuta, sekunde 20 za kutazama mbali

WAFANYAKAZI wa ofisini wanaoketi mbele ya kompyuta kutwa nzima wanaijua vyema hali hii. Ifikapo saa tisa alasiri, macho huanza kuwasha kana kwamba yameingiwa na mchanga, maandishi hupoteza makali yake, na kichwa huuma sehemu ya juu ya nyusi. Wengine wakiinua uso kutazama saa ya ukutani huona mishale yake imefifia, kisha baada ya muda mfupi inarudi kuwa wazi. Wataalamu wa macho huzikusanya dalili hizo chini ya jina moja, uchovu wa macho utokanao na skrini, na ushauri wanaoutoa mara nyingi zaidi ni ule unaojulikana kama kanuni ya ishirini tatu: kila baada ya dakika 20 za kazi, mtu atazame kitu kilicho umbali wa futi 20 kwa muda wa sekunde 20.

Futi 20 ni takriban mita sita. Kwa mfanyakazi anayeanza kazi saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, akitoa saa moja ya chakula cha mchana, saa saba za kompyuta zina vipindi 21 vya dakika 20. Sekunde 20 mara 21 ni dakika saba kamili. Gharama ya kanuni hiyo kwa mwajiri, kwa siku nzima, ni ndogo kuliko muda wa kusubiri chai ichemke. Pamoja na hayo, ni wachache wanaoifuata kwa zaidi ya siku mbili au tatu, na miongoni mwao wapo wanaoifuata kwa namna isiyoyapumzisha macho hata kidogo.

Namba hizo tatu hazikutoka maabara. Mtu anayetajwa kuzibuni ni Jeffrey Anshel, mtaalamu wa upimaji macho wa Kalifornia, Marekani, ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa akitafuta ushauri ambao wateja wake wangeukumbuka bila kuuandika. Hoja yake ilikuwa kwamba mapumziko marefu yanayokuja baada ya saa nyingi humkuta mtu amekwishachoka, ilhali mapumziko mafupi ya mara kwa mara huuzuia uchovu usijikusanye. Ishirini mara tatu ilikuwa rahisi kukumbukwa, ikaenea, na leo inapendekezwa na vyama vikubwa vya madaktari na wapimaji wa macho vya nchini humo. Ni vyema jambo hili lijulikane tangu mwanzo, kwa sababu atakayetazama mbali kila baada ya dakika 25, au kwa umbali wa mita tano, hajaharibu kitu.

Kwa nini mbali

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kwa nini isitoshe kufumba macho tu, au kugeuka na kumtazama mwenzako wa meza ya jirani. Jibu limo ndani ya jicho lenyewe.

Nyuma ya mboni kuna lenzi laini iliyoshikwa na nyuzi nyembamba pande zote, na nyuzi hizo zimefungwa kwenye msuli wa mviringo uitwao msuli wa siliari. Mtu anapotazama mbali, msuli huo hulegea, duara lake hupanuka, nyuzi huvutwa na lenzi hubaki bapa. Anapotazama karibu, mambo hugeuka: msuli hujikaza, duara hupungua, nyuzi hulegea, na lenzi, ambayo kwa asili hupenda kuwa ya mviringo, huvimba na kuongeza nguvu yake ya kupinda mwanga. Kwa maneno mengine, kuona mbali ni hali ya mapumziko na kuona karibu ni kazi. Sambamba na hilo, misuli ya upande wa pua ya macho yote mawili huvuta ili macho yaelekee ndani na kukutana penye kitu kinachotazamwa, na mboni hujibana. Kazi hizo tatu hufanyika kwa pamoja, na anayesoma skrini kwa saa mbili mfululizo huzishikilia zote tatu kwa saa mbili, kama mtu aliyekunja ngumi asiyekumbuka kuifungua.

Wapimaji huihesabu kazi ya lenzi kwa kipimo kiitwacho diopta, na hesabu yake haina ugumu: moja hugawanywa kwa umbali wa kitu katika mita. Skrini iliyo umbali wa nusu mita hudai diopta 2. Karatasi iliyo umbali wa sentimita 33 hudai diopta 3. Simu inayoshikwa karibu na uso, sentimita 25 hivi, hudai diopta 4. Kitu kilicho mita sita hudai chini ya robo ya robo ya hiyo ya simu, yaani takriban diopta 0.17, kiasi ambacho jicho halikihesabu kuwa kazi. Ndiyo maana vibao vya herufi katika vyumba vya kupimia macho navyo huwekwa umbali wa mita sita, kwani kuanzia hapo miale ya mwanga inayoingia jichoni huwa karibu sambamba, na kwenda mbali zaidi hakubadilishi mengi.

Hesabu hiyo hiyo inafunua makosa mawili yanayofanyika sana. La kwanza ni kugeuza macho kutoka kwenye kompyuta na kuyaelekeza kwenye simu kwa madai ya kupumzika. Aliyekuwa akibeba diopta 2 sasa anabeba 4, na mapumziko yake yamekuwa mzigo maradufu. La pili ni kutazama ukuta ulio nusu mita nyuma ya kompyuta. Hapo mzigo umepungua kwa nusu tu, na macho bado yameelekea ndani. Kwa upande mwingine, aliye katika chumba chenye urefu wa mita tatu au nne hana sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa umbali wa mita tatu hudai diopta 0.33 tu, na sehemu kubwa ya faida amekwishaipata.

Kuna ufundi wa zamani unaotumiwa na wapimaji wenye vyumba vidogo, nao hufaa katika ofisi zisizo na dirisha. Kioo cha kujitazamia kikitundikwa ukutani, taswira iliyo ndani yake huonekana iko nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu chenyewe kiko mbele yake. Anayeketi mita tatu kutoka kwenye kioo, akatazama ndani yake kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, macho yake yanafanya kazi ya umbali wa mita sita au zaidi, ingawa hakuinuka kitini.

Kope zinazosahau kazi

Lenzi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni machozi, na kwa watu wengi wanaolalamika kwamba macho yanawasha, nusu hii ndiyo kubwa.

Uso wa jicho hufunikwa na utando mwembamba wa machozi, na kila mtu anapopepesa kope utando huo hutandazwa upya. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Japani, Kazuo Tsubota na Katsu Nakamori, walichapisha katika jarida la tiba la New England matokeo ya kuwahesabu wafanyakazi wa ofisini mara wanazopepesa. Walipokuwa wametulia walipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika. Walipokuwa wakisoma kitabu walipepesa mara 10. Walipoketi mbele ya skrini walipepesa mara 7. Watafiti hao walieleza pia kwamba skrini iliyowekwa juu humfanya mtu afumbue macho zaidi kuliko anavyofumbua akitazama kitabu kilicho mezani, hivyo sehemu iliyo wazi kwa hewa huongezeka wakati ule ule ambapo machozi hayatandazwi.

Si idadi tu inayopungua. Upepesaji wenyewe huwa nusunusu, kope ya juu inashuka hadi katikati na kurudi, na sehemu ya chini ya jicho hubaki bila kuguswa. Ofisi nyingi za mijini huongeza ukame huo kwa kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja usoni au feni ya mezani iliyoelekezwa kwa anayefanya kazi. Ndipo hutokea jambo linaloshangaza wengi, la macho makavu kutiririka machozi. Jicho lililokauka huwashwa, na likiwashwa humwaga machozi mengi ya majimaji ambayo hayakai, huteremka shavuni na kuliacha kavu kama awali.

Kwa sababu hiyo sekunde 20 zinazotumika kutazama mbali bila kupepesa zimetumika nusu. Wapimaji wenye uzoefu huagiza kwamba katika kila kituo mtu afumbe macho kikamilifu mara tano au sita, taratibu, kope ya juu iguse ya chini, atulie kidogo, kisha afumbue na kutazama mbali. Anayetaka kujua kama anapepesa kikamilifu anaweza kumwomba mwenzake amtazame kwa pembeni akiwa kazini, maana mwenyewe akijichunguza hupepesa vizuri kwa sababu tu anajichunguza.

Vipimo vilionyesha nini

Kwa miaka mingi kanuni hii ilisambazwa bila kufanyiwa majaribio ya kutosha, na yalipofanyika, matokeo hayakuelekea upande mmoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, wakishirikiana na wa Aston, Uingereza, walichapisha mwaka 2023 utafiti wa watu 29 waliokuwa na malalamiko ya macho kutokana na kompyuta. Kompyuta zao ziliwekewa programu iliyotumia kamera kutambua kama mtu anatazama skrini, na kumkumbusha kupumzika kwa kufuata kanuni ya ishirini tatu. Baada ya majuma mawili malalamiko ya ukavu na uchovu yalipungua. Hata hivyo vipimo vya machozi yenyewe na vya uso wa jicho havikubadilika, na juma moja baada ya ukumbusho kuondolewa nafuu ile nayo haikudumu. Maana yake ni kwamba ukumbusho husaidia wakati unapotumika, wala haujengi akiba ya kutumia baadaye.

Mwaka huo huo watafiti wa mjini New York walichapisha jaribio la aina nyingine. Vijana 30 walisoma kwenye kompyuta ya bapa kazi iliyohitaji umakini kwa dakika 40, katika nyakati tofauti wakipumzika sekunde 20 kila baada ya dakika tano, kumi au ishirini, au bila kupumzika kabisa. Malalamiko yao mwishoni hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika, wala kasi na usahihi wa kusoma. Wanaoipinga kanuni huutaja sana utafiti huu, lakini dakika 40 za kijana mwenye macho yenye nguvu si siku nzima ya karani. Kinachoonekana ni kwamba namba 20 hazina uchawi ndani yake, na kwamba sekunde 20 huenda ni chache mno kwa mtu aliyekwishachoka.

Jambo la mwisho linaungwa mkono na utafiti wa zamani zaidi, uliofanywa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, na kuchapishwa mwaka 2000. Ulihusu makarani wa mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, watu waliokuwa wakiingiza takwimu kwenye kompyuta siku nzima na kupewa mapumziko mawili tu ya dakika 15. Walipoongezewa dakika tano katika kila saa isiyokuwa na pumziko, jumla ya dakika 20 kwa siku, maumivu ya macho yalipungua na kazi waliyoimaliza haikupungua, ijapokuwa muda wa kuketi ulipungua. Kwa kuziunganisha tafiti hizo, busara ya wapimaji wengi leo ni kwamba sekunde 20 kila baada ya dakika 20 ziwe za kuzuia, na kila saa au saa mbili mtu ainuke kabisa kwa dakika tano.

Mfano wa mhasibu

Ili kuona jinsi kanuni inavyofanya kazi na inapoishia, ichukuliwe mfano wa mhasibu wa kike mwenye umri wa miaka 43, katika ofisi iliyo kwenye jengo la ghorofa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hajawahi kuvaa miwani. Kazi yake ni kuchukua risiti kutoka kwenye rundo lililo mkono wa kushoto, kusoma tarakimu, na kuziingiza kwenye kompyuta. Skrini iko nusu mita kutoka usoni. Risiti huzishika umbali wa sentimita 33. Simu huisomea sentimita 25.

Uwezo wa lenzi kujikunja hupungua mwaka hadi mwaka tangu utotoni. Kwa umri wa miaka 43 watu wengi wamebakiwa na diopta nne hadi tano na nusu. Tuseme yeye anazo tano. Wapimaji hufuata kanuni ya kazi kwamba mtu anaweza kutumia kwa starehe, kwa saa nyingi, takriban nusu ya uwezo wake, yaani kwake diopta 2.5. Skrini inayodai 2 imo ndani ya starehe hiyo. Risiti inayodai 3 imevuka. Simu inayodai 4 imevuka mno. Kila anapohamisha macho kutoka kwenye risiti hadi kwenye skrini na kurudi, msuli hulegea kidogo na kukaza tena, mara mamia kwa siku.

Siku ya kwanza anaweka kengele ya simu ilie kila dakika 20. Inalia, anaichukua simu kuizima, anaona ujumbe, anausoma. Macho yamehama kutoka diopta 2 hadi 4. Kufikia jioni kichwa kinauma zaidi ya jana, naye anasema kanuni ni uongo.

Anapohamishia ukumbusho kwenye kompyuta yenyewe, hali inabadilika. Ujumbe unatokea kwenye skrini, anainua uso na kutazama kabati la mafaili lililo mita mbili mbele yake. Kabati hudai diopta 0.5, si haba, lakini halina cha kutazama, na baada ya sekunde tano macho yamerudi mezani. Juma la pili anageuza kiti kidogo ili dirisha liwe upande wake, naye anachagua kituo maalumu: maandishi ya bango lililo kwenye jengo la ng'ambo ya barabara. Hili ni jambo lenye maana kuliko linavyoonekana. Jicho halilegei kwa amri, bali hulegea linapotafuta kuona kitu cha mbali kwa uwazi, na kitu chenye herufi au mistari hulipa jicho sababu ya kutafuta. Anga tupu halifai, na lile lenye mwanga mkali wa adhuhuri huongeza adha.

Bango hilo linampa pia kipimo. Asubuhi herufi zake huwa wazi mara moja. Saa nane mchana humchukua sekunde tatu au nne kuwa wazi, kwa kuwa msuli uliokazwa kwa saa nyingi huchelewa kuachia. Alipokuwa hajazoea kupumzika zilichukua muda mrefu zaidi. Kipimo hiki kinaweza kufanywa na mtu yeyote bila kifaa: herufi zikiwazika ndani ya sekunde chache, ni uchovu, na mapumziko yanautosha. Zikibaki ukungu hata asubuhi, kabla ya kazi, si uchovu tena, huenda ni uoni hafifu wa mbali unaohitaji miwani.

Mwishoni mwa juma la tatu maumivu ya kichwa yamepungua na mchanga machoni umeondoka. Hata hivyo risiti bado zina ukungu, na amejikuta akizisogeza mbali hadi mkono unyooke. Hapo ndipo kanuni ya ishirini tatu imefika mwisho wa uwezo wake. Hakuna idadi ya mapumziko itakayomrudishia mtu wa miaka 43 lenzi ya miaka 20. Anakwenda kupimwa na kupewa miwani ya kusomea yenye nguvu ya diopta 1. Risiti iliyodai 3 sasa inadai 2, nayo imerudi ndani ya starehe yake.

Miwani hiyo inaleta suala jipya ambalo wauzaji mara nyingi hawalitaji. Lenzi ya kusomea ya diopta 1 hutia ukungu kila kitu kilicho zaidi ya mita moja. Akiinua uso kutazama bango akiwa ameivaa, hataliona vizuri, na ataona kwamba kutazama mbali hakuna raha. Inambidi aivue, au aishushe puani na kutazama juu yake. Kwa mwenye uoni hafifu wa mbali ambaye huvua miwani yake ili asome, mambo ni kinyume: yeye anapaswa kuivaa anapotazama mbali.

Ukumbusho unaofuatwa na unaopuuzwa

Programu za bure za kukumbusha zipo nyingi, na tofauti yao kubwa ni jinsi zinavyohesabu muda. Zipo zinazofuata saa bila kujali mtu anafanya nini, kiasi kwamba aliyetoka kwenye kikao cha nusu saa hukutana na amri ya kupumzika mara tu anapoketi. Nyingine, kama Workrave, huhesabu matumizi ya kibodi na kipanya, na mtu akiondoka mezani huchukulia kwamba amepumzika na kuanza hesabu upya. Aina hii huudhi kidogo, na ukumbusho usioudhi ndio unaodumu. Upungufu wake ni kwamba anayesoma hati ndefu bila kugusa chochote huhesabiwa kuwa yuko mapumzikoni. Stretchly, nayo ya bure, huja ikiwa imepangwa kusimamisha kazi kwa sekunde 20 kila dakika 10, hivyo atakaye dakika 20 hana budi kubadili mpangilio.

Kinachovunja mazoea haya ni kitufe cha kuahirisha. Mtu akikibonyeza mara tatu mfululizo katika siku ya hesabu za mwisho wa mwezi, mkono hujifunza kukibonyeza kabla macho hayajasoma ujumbe. Dawa iliyoonekana kufaa ni kuufunga ukumbusho na jambo ambalo kazi yenyewe huleta. Mhasibu wa mfano ule anaweza kuamua kwamba kila anapomaliza risiti 30 na kuzibana, anatazama bango. Mwandishi wa habari anaweza kufanya hivyo kila anapomaliza aya, na mhudumu wa simu kila anapokata simu. Hakuna kengele inayolia, hivyo hakuna cha kuzima.

Kabla ya yote, meza nayo iwe sawa. Skrini ikae umbali wa sentimita 50 hadi 70, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, ili mtu atazame chini kidogo na kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Feni na kiyoyozi vigeuzwe visipulize usoni. Dirisha liwe ubavuni, kwa sababu likiwa nyuma humulika kioo cha kompyuta na likiwa mbele hupiga machoni. Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, ambayo huuzwa kwa bei kubwa katika maduka ya mijini kama kinga ya skrini, mapitio ya tafiti 17 yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2023 yalihitimisha kwamba huenda haileti tofauti yoyote ya muda mfupi katika uchovu wa macho ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Macho hayachoki kwa rangi ya mwanga. Huchoka kwa ukaribu na kwa kukauka.

Yasiyohusiana na uchovu

Madaktari wanakubaliana kwamba uchovu wa skrini, pamoja na adha yake, haujulikani kulipofusha jicho la mtu mzima wala kulijeruhi kwa kudumu. Hatari yake iko kwingine: huwa kisingizio. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba ni kompyuta hulibebesha kompyuta kila jambo linalotokea machoni mwake kwa miaka mitano.

Uchovu wa kweli huwa na tabia zinazotambulika. Hushika macho yote mawili, huongezeka kadiri siku inavyokwenda, hupungua Jumapili, na huisha baada ya usingizi. Dalili inayoshika jicho moja tu haifanani na hiyo. Vivyo hivyo mwanga unaomulika kama radi pembeni mwa jicho, vidoa vyeusi vingi vinavyotokea ghafla, pazia linaloshuka upande mmoja, au jicho jekundu lenye maumivu makali na kichefuchefu, pamoja na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Mwenye dalili hizo hapaswi kuweka ukumbusho wala kusubiri mwisho wa juma, bali kwenda hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyo hiyo.

Presha ya macho, kwa aina yake inayoonekana zaidi, haina hata dalili hizo. Haiumi, haiwashi, na hula uoni wa pembeni polepole hadi sehemu kubwa iwe imekwenda. Wenye asili ya Kiafrika hupatwa nayo zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua yuko katika hatari kubwa zaidi. Anayekwenda kupimwa miwani ya kompyuta baada ya kufikisha miaka 40 anashauriwa kuomba, katika ziara hiyo hiyo, kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Vipimo hivyo huchukua dakika chache na haviumi, ila katika maduka mengi ya miwani havifanywi asipoviuliza.